Wide, 4:3, Zoom au Just Scan: uchague ipi TV ikivuta picha au ikikata pembeni

Haya matatizo ni mawili na dawa zake ni tofauti, ila watu wanayachanganya halafu wanabonyeza rimoti hovyo mpaka wanachoka. La kwanza ni umbo: mtangazaji ana mabega ya bondia, mpira umekuwa yai, yaani picha yote ipo ila imevutwa. La pili ni kukatwa: umbo liko sawa kabisa, mpira ni duara, ila pembeni kuna kipande hakionekani, yale maandishi ya habari yanayopita chini yamebaki nusu, na kule juu kushoto dakika za mechi zimeliwa namba ya kwanza. Tatizo la kwanza linatibiwa kwenye setingi ya umbo la picha, ambayo kwenye menyu nyingi utaikuta kwa jina la Aspect Ratio, Picture Size au Wide Mode. La pili ni ile TV kukuza picha mpaka inakuwa kubwa kidogo kuliko kioo chake, na menyu zinaiita Overscan, sisi tuiite ovaskani maisha yaendelee. Mara nyingi yote mawili yanakuja pamoja ndio maana yanachanganya.

Kabla hujagusa chochote pima. Tafuta kitu unachojua ni duara kamili, nembo ya chaneli au saa ya ukutani ya taarifa ya habari, weka rula pale pale juu ya kioo taratibu, pima upana halafu pima kwenda juu. Ukipata upana sentimita 12 na kwenda juu 9, gawanya 12 kwa 9 unapata 1.33, hapo ujue picha ya zamani ya 4:3, yaani upana sehemu nne kwa tatu za kwenda juu, imevutwa ijaze kioo cha 16:9. Ukipata kinyume chake, upana 9 na kwenda juu 12, hiyo ni picha ya kisasa ya 16:9 imebanwa kwenye 4:3, watu wamekuwa warefu wembamba. Namba zikilingana umbo lako halina shida, wewe unahangaika na ovaskani tu. Na hata bila rula, mtu wa Mwanza Jiwe la Bismarck analijua, likionyeshwa kwenye TV fupi na pana kuliko lile unaloliona ukiwa unapita pale ziwani basi jibu unalo.

Wide, 4:3 na Zoom kwa picha za zamani

Vipindi vya zamani, taarab za enzi zile, mechi za miaka ya 80 na 90, Bongo muvi za mwanzoni, vingi vilipigwa kwa 4:3. Flati skrini zetu ni 16:9. Hayo maumbo mawili hayalingani na hakuna setingi inayoweza kuyalinganisha bila gharama, kwa hiyo unachagua tu ulipe gharama gani.

Ukichagua Wide, au 16:9, au Full, TV inavuta picha kwa upana, inaongezeka theluthi nzima. Hupotezi kitu hata kimoja lakini mtu mwenye mabega ya sentimita 45 anaonekana ana 60. Watu wengi wanaishi hivi miaka na macho yameshazoea, mpaka siku uwabadilishie ndio wanashtuka.

Ukichagua 4:3 umbo linarudi sawa ila unapata mabaka meusi kushoto na kulia. Kwa TV ya inchi 43, ambayo kioo chake kina upana wa kama sentimita 95, picha inabaki na sentimita 71 na kila baka linakula 12. Hapa ndio kelele zinapoanzia, "mimi nimelipia inchi 43 nyeusi ya nini?" Lakini ile nyeusi haijakunyima chochote, hiyo picha haikuwahi kuwa na kitu pale pembeni. Na wasiwasi kwamba mabaka yatachoma skrini, kwa TV za LED za kawaida tulizonazo wengi usiuwaze, ni plazma na OLED ndizo za kuonea huruma kama mabaka yanakaa hapo hapo masaa mengi kila siku.

Zoom yenyewe inakuza picha pande zote mpaka ijaze upana, umbo linabaki sawa na mabaka yanaondoka, ila inakata moja ya nane juu na moja ya nane chini. Kwenye mechi hapo ndipo magoli na dakika zinapokaa. Kwenye muvi vichwa vinaondoka juu na tafsiri za chini zinaondoka zote.

Kuna na ile ya ujanja, Wide Zoom au Panorama, inaacha katikati karibu na sawa halafu inavuta kingo peke yake. Ukiangalia mtangazaji aliyekaa katikati utasifia, subiri sasa mechi, winga akikimbilia pembeni anaanza kunenepa njiani na nguzo ya goli inatanuka kadri kamera inavyogeuka. Mimi sijawahi kumwachia mteja TV kwenye hiyo modi.

Kwa hiyo kipindi cha zamani weka 4:3 ukubali nyeusi. Zoom ina sehemu moja tu inayoistahili na ni ile picha yenye nyeusi pande zote nne, juu chini kushoto kulia, picha imekaa katikati imezungukwa kama dirisha. Hiyo inatokea pale video ya upana ilipobanwa ndani ya 4:3 huko nyuma halafu stesheni ikaiweka tena ndani ya 16:9. Hapo Zoom inakata nyeusi tupu, hupotezi kitu, itumie bila wasiwasi ila kipindi kikiisha rudisha.

Muvi za sinema kubwa zenye nyeusi juu na chini tu ziache zilivyo. Nyingi zimepigwa pana kuliko hata 16:9, kwa hiyo kila ukizikuza unakata watu wa pembeni.

Ovaskani au Just Scan

TV za chogo zilikuwa zinachora picha kwa mionzi inayopigwa kwenye kioo kutoka nyuma, na ile mionzi haikuwa na adabu, umeme ukishuka picha inasinyaa, TV ikizeeka picha inahama kidogo. Watengenezaji wakaona bora picha iwe kubwa kidogo kuliko kioo ili mtu asione kingo zikicheza, na stesheni nazo zikajua hilo zikawa haziweki maandishi pembeni kabisa. Flati skrini hazina hiyo shida hata kidogo, kila nukta ina mahali pake, lakini tabia ikabaki na TV nyingi mpaka leo zinatoka kiwandani zikiwa zinakata.

Zinakata kiasi gani? Inategemea TV, ila chukulia mfano wa asilimia 2.5 kila upande. Picha kamili ni pikseli 1920 kwa 1080. TV inatupa pikseli 48 kushoto, 48 kulia, 27 juu na 27 chini, inabaki na 1824 kwa 1026, halafu inazivuta hizo zijaze kioo kizima cha 1920 kwa 1080. Kwenye ile inchi 43 umepoteza kama sentimita mbili na nusu kila upande wa pembeni. Na hasara ya pili watu hawaioni mpaka uwaonyeshe: kwa kuwa pikseli 1824 zimelazimishwa zikae kwenye nafasi 1920, hakuna pikseli inayokaa mahali pake, kwa hiyo picha nzima inafifia kidogo, hasa maandishi madogo.

Dawa ni kuizima, ila kila kampuni ina jina lake. LG ni Just Scan. Samsung ni Screen Fit au Fit to screen. Sony utaenda Display Area uchague Full Pixel. TV nyingine zinaandika tu Overscan na wewe unaweka Off, na nyingine utakuta Dot by Dot au Direct. Zote ni kitu kilekile, onyesha picha ilivyokuja usikuze. Kumbuka TV nyingi zinashika setingi kwa kila tundu peke yake, ukirekebisha HDMI 1 halafu ukahamishia kebo HDMI 2 kesho yake utasema imejirudia.

Wakati wa kuchagua mimi naanza na Just Scan kila siku, isipokuwa pale picha yenyewe ina uchafu kingoni. Chaneli za kawaida zisizo HD na kanda za zamani zilizohamishiwa kwenye flashi mara nyingine zina kamstari ka vidoti vyeupe juu kabisa kanachezacheza, au weusi mwembamba pembeni. Hivyo ndivyo ovaskani ilikuwa inaficha, na ukiiondoa mteja atakuambia umemharibia TV. Kama unaangalia hizo muda wote, iache ovaskani iwake hutakosa kitu cha maana.

Na kama TV yako ni ile inchi 32 ya bei ya chini, nyingi kioo chake ni 1366 kwa 768. Just Scan itakurudishia kingo ila usitegemee picha iwe kali ghafla, maana hata 720p na 1080, yaani picha za mistari 720 na za mistari 1080, zote lazima zibadilishwe ukubwa ziingie kwenye hicho kioo.

King'amuzi ndio kinachowachanganya wengi

Haya yote ya juu ni upande wa TV. King'amuzi nacho kina setingi yake ya umbo, na vikigusa picha vyote viwili ndipo mtu anapata picha ambayo hakuna kitufe cha rimoti ya TV kinachoiponya.

Jamaa mmoja mwenye kibanda umiza karibu na mwalo wa Kirumba aliniita siku ya mechi kubwa. Nimefika ananiambia, "Fundi, hii TV inanila dakika, wateja wanagombana imebaki ngapi." Nikamuuliza, "Mzee, umebadilisha nini?" Akasema hajabadilisha kitu, TV kanunua ya inchi 43, kahamishia king'amuzi kilekile alichokuwa anatumia kwenye chogo, kwa waya uleule wa AV, njano nyeupe nyekundu. Jibu lilikuwa hapo hapo.

King'amuzi kilikuwa bado kinajua kimefungwa kwenye chogo. Setingi yake ilikuwa 4:3 Letter Box, maana yake kila kipindi cha 16:9 kinakibana ndani ya umbo la 4:3 na kuweka nyeusi juu na chini. TV nayo ikipokea ikiwa kwenye Wide inavuta ile 4:3, kwa hiyo wachezaji wakawa wanene kwa theluthi na nyeusi juu chini zikabaki palepale. Jamaa akabonyeza rimoti mpaka akafika Zoom, nyeusi zikaondoka, wachezaji wakawa na umbo lao, akaona kamaliza. Na ukiangalia kwa haraka kweli ilikuwa sawa. Lakini waya wa AV unabeba mistari 576 tu, na robo yake ilikuwa imetumika kuchora nyeusi, kwa hiyo mechi yenyewe alikuwa anaangalia kwa mistari 432 iliyokuzwa, picha ina ukungu. Juu ya hiyo ovaskani ya TV inakata tena, ndio dakika zikaenda. Na kipindi cha 4:3 kikija, Zoom inakata vichwa.

Nilianza kwenye king'amuzi, menyu, setingi ya video, umbo la TV nikaweka 16:9. Hapo hapo picha ikavurugika zaidi kwa sababu TV bado ilikuwa Zoom, watazamaji wakaanza kupiga kelele, nikarudisha TV kwenye 16:9 ikatulia, mistari yote 576 ikawa inafanya kazi. Dakika bado zilikuwa zimekatwa kidogo. Just Scan haikuwepo kabisa kwenye orodha, na haiwezi kuwepo, kwa waya wa AV hakuna pikseli za kulinganisha na kioo kwa hiyo TV nyingi hazikupi hilo chaguo.

Tukatafuta kebo ya HDMI. Tukachomeka, Just Scan ikaonekana ila imefifia kijivu haichaguliki, na hapa ndipo wengi wanaposema TV mbovu. King'amuzi kilikuwa kinatoa 576i kwenye HDMI. Just Scan na ndugu zake kwa kawaida zinafunguka kuanzia 720p kwenda juu. Nikarudi kwenye king'amuzi nikabadilisha kutoka 576i kwenda 1080i, kioo kikawa cheusi sekunde kadhaa, kikarudi, na Just Scan ikawaka. Dakika zikatoka zote, na ule mstari wa habari wa chini ukasomeka.

Mpangilio ninaoufuata umetokana na hapo: kwanza HDMI, halafu king'amuzi kitoe 1080i au 1080p, halafu king'amuzi kiambiwe TV ni 16:9, TV yenyewe inakuja mwisho na unaiwekea Just Scan tu usiiguse tena. Lengo ni picha ibadilishwe umbo mara moja, na ibadilishwe na king'amuzi, kwa sababu king'amuzi ndicho kinachojua kipindi kimekuja kwa umbo gani. TV ikipokea 1080 kwa HDMI haijui, 1080 siku zote ni 16:9 kwake. Kama king'amuzi chako kina chaguo la namna ya kuonyesha vipindi vya 4:3 ndani ya 16:9, chagua Pillarbox badala ya Full au Stretch, hapo kipindi cha zamani kitakuja na mabaka yake chenyewe bila wewe kugusa rimoti.

Ukishindwa kupata HDMI, king'amuzi 16:9 na TV 16:9 kwa AV bado ni bora mara nyingi kuliko Letter Box na Zoom, utavumilia tu ovaskani. Na kama chogo lako bado linafanya kazi, hapo ndipo 4:3 Letter Box ina kazi yake. Mwenzake anaitwa Pan Scan, anajaza kioo cha chogo kwa kukata pembeni kushoto na kulia, kwenye mechi ni balaa maana mpira unatoka nje ya kioo wakati bado uko ndani ya uwanja.

Kitu kingine, kabla hujavuruga mpangilio uliokaa vizuri, badilisha chaneli. Picha ikiwa imevutika kwenye chaneli moja tu na nyingine zote safi, wamekosea wao huko huko stesheni, au tangazo limewekwa kwa umbo lisilo lake. Bonyeza 4:3 kwenye TV kwa muda kama inakukera, ila usiingie kwenye king'amuzi.

Laptopu nayo

Vibanda vingi muvi zinatoka kwenye laptopu, na hapo ovaskani unaiona wazi kabisa, ule mstari wa chini wenye saa na alama za programu unakuwa nje ya kioo. Chaguo ni mbili. Baadhi ya programu za kadi ya picha, za AMD kwa mfano, zina kitelezi kinachoitwa HDMI Scaling kinachopunguza picha mpaka iingie kwenye kioo. Kinafanya kazi, ila laptopu inasinyaza picha halafu TV inaikuza, imebadilishwa mara mbili, maandishi yanakuwa na ukungu. Bora uweke hicho kitelezi 0% halafu uzime ovaskani kwenye TV.

TV isiyokuwa na Just Scan wala mfano wake bado haijafika mwisho. Jaribu kubadilisha jina la tundu la HDMI liitwe PC, kwenye Samsung nyingi hilo peke yake linatosha kuzima ovaskani, na kwenye TV nyingine modi ya Game au PC inafanya hivyo hivyo. Ikigoma angalia kama king'amuzi kina setingi ya kupunguza eneo la picha, upungufu wake ni uleule wa kitelezi cha laptopu ila kwa mechi hautausikia sana, hiyo itumie. Kuna mafundi watakaokuambia wanaingia kwenye menyu ya siri ya kiwandani kuifuta ovaskani huko huko. Inawezekana kwa baadhi ya TV, lakini menyu hiyo hiyo ndiyo yenye aina ya kioo, ukiteleza ukabadilisha hiyo TV inaweza kuwaka bila picha au picha ikasimama kichwa chini miguu juu, na kuirudisha ni kazi maana huoni unachobonyeza. Ukimruhusu, mwambie apige picha ya kila ukurasa kwa simu kabla hajagusa namba yoyote.